Nimsubiri mpaka moyo wake urudi?

*Mshauri, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kirumba, Mwanza, na nauza dagaa pale Mwaloni. Shida yangu ni mwanangu wa pili, ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Tangu baada ya Pasaka amejifungia. Akitoka shule anapitiliza chumbani, anashusha pazia, analala na simu. Jumamosi na Jumapili haamki mpaka saa saba mchana. Mpira, ambao alikuwa hakosi, kaacha. Rafiki yake waliyekuwa wakienda pamoja kahamia Geita na wazazi wake. Chakula anakidonoa tu. Ukimuuliza una nini, anasema "sina kitu". Ukirudia, anafoka.*

*Baba yake anasema ni uvivu na simu, anataka tumpeleke bweni muhula ujao. Mimi nimemwombea, nimembembeleza, nimemgombeza. Nilimwambia aje Mwaloni Jumamosi anisaidie kuanua dagaa nimpe na hela kidogo, akakataa. Kila nikimwambia atoke, jibu ni moja: "Nitatoka nikijisikia." Kuna siku moja tu, kama wiki tatu zilizopita, mjomba wake alikuja na baiskeli yenye pancha. Akaiziba mwenyewe, na jioni akaja kula na sisi mkekani. Nikadhani yamekwisha. Kesho yake akarudi kule kule.*

*Sasa sijui. Nimwache mpaka moyo wake urudi, au nimlazimishe? Na bweni litamsaidia au litamharibu? Naomba usitaje jina langu.*

*Mama wa Kirumba*

Mama, hiyo pancha umeitaja kama jambo la kupita, lakini ndiyo sehemu ya barua yako yenye habari nyingi kuliko zote. Siku ile kijana wako hakujisikia kwanza ndipo akainuka. Baiskeli ilikuja, ikawa mbele yake, mikono ikaanza kufanya kazi, na moyo ukafuata baadaye, mpaka ukamfikisha mkekani. Yeye anasema "nikijisikia", nawe unauliza kama umsubiri moyo urudi. Nyote wawili mnaamini kwamba moyo hutangulia. Siku ya pancha mambo yalikwenda kinyume chake.

Kwa uchovu wa kawaida, kusubiri kunafaa: mtu aliyechoka akilala anaamka na nguvu. Huzuni inayokaa wiki nyingi, ile inayoitwa sonona, haifuati utaratibu huo. Aliyenayo akilala anaamka mzito zaidi. Na si kwamba anapenda kulala. Kitanda kinamlipa papo hapo. Akishusha pazia, hakuna wa kumuuliza fulani yuko wapi siku hizi, hakuna pasi ya kukosea, hakuna uso wa mama wenye wasiwasi. Nafuu hiyo ni ya kweli, ndiyo maana kesho anairudia. Ila kila siku anayoikimbilia, kinapungua kitu kimoja kati ya vile vilivyokuwa vikimpa furaha au kumfanya ajione anaweza: mpira, utani wa wenzake, kusifiwa na mwalimu. Maisha yakibaki chumba na simu, moyo unakosa cha kuuinua, unashuka tena, na kitanda kinazidi kuwa kitamu.

Mwanasaikolojia Peter Lewinsohn alilieleza duara hilo huko Marekani miaka ya 1970. Mwaka 1996 Neil Jacobson na wenzake walichapisha utafiti uliowashangaza wengi: watu wazima wenye sonona waliosaidiwa kurudisha shughuli tu walipata nafuu sawa na waliopewa tiba nzima, pamoja na ile sehemu ya kuchambua fikra zao. Baadaye njia hiyo ikarekebishwa kwa ajili ya vijana, na hapo ndipo mzazi anapopata kazi. Kazi hiyo si ile ambayo umekuwa ukiifanya, na nitakueleza inavyokwenda. Lakini kuna mambo mawili ya kufanya kabla.

La kwanza ni kumuuliza wazi, mkiwa wawili tu: "Mwanangu, kuna wakati unaona afadhali usingekuwepo? Umewahi kuwaza kujidhuru?" Wazazi wengi huogopa kwamba swali hilo litampandikizia wazo. Halimpandikizii, mara nyingi linampa nafasi ya kutua mzigo. Akisema ndiyo, au akinyamaza kwa namna inayokutia shaka, usimwache peke yake, ondoa nyumbani sumu ya panya na dawa zote, na umfikishe hospitali siku hiyo hiyo. Bugando wana kitengo cha afya ya akili. Kuna pia namba 116 ya huduma kwa watoto, inapigwa bure. Vivyo hivyo kama anasikia sauti wasizosikia wengine, amekonda sana, au anakesha siku kadhaa bila kuonekana kuchoka: hayo ni ya daktari, si ya mpango wa nyumbani.

La pili ni mwili. Mtoto aliyekua akioga ziwani anaweza kuwa na kichocho cha tumbo cha miaka, na upungufu wa damu unaotokana nacho unamfanya mtu achoke, asitake kula, asitake kukimbia. Kwa macho hutautofautisha na huzuni. Peleka choo kikapimwe, na damu pia. Dawa ya kichocho ipo na hainywewi kwa muda mrefu. Anaweza kuwa na vyote viwili, kwa hiyo majibu ya maabara yasifanywe sababu ya kuacha haya mengine.

Sasa mpango. Wiki ya kwanza usibadilishe chochote, hata saa ya kuamka. Nunua daftari dogo na umwombe aandike, au akusimulie wewe uandike. Siku igawe vipande vinne: asubuhi, mchana, jioni, usiku. Kila kipande kinapata maneno machache ya alichofanya na alama ya moyo, 0 ikiwa ni chini kabisa na 10 ikiwa ni juu. Pembeni aweke herufi F kama kitu hicho kilimpa furaha hata kidogo, na W kama kilimfanya ajione ameweza. Hizo mbili ni tofauti. Mtu anaweza kucheka video na asijione ameweza lolote, na anaweza kufua sare bila kufurahi lakini akajiheshimu kidogo. Kijana aliyejifungia amepungukiwa zote mbili.

Mwambie ukweli kuhusu daftari: "Sitaki kukupangia. Nataka tuone ni saa gani inakubana na saa gani inakuachia." Akikataa siku saba, omba tatu, moja iwe Jumamosi. Ukisoma, usitafute makosa. Tafuta mahali alama inapopanda, hata kutoka 2 hadi 4, na uangalie nini kilitangulia. Tazama pia simu bila hasira. Inawezekana dakika ishirini za kuzungumza na yule rafiki wa Geita zinampandisha, na saa tatu za kupitisha picha za watu asiowajua zinamshusha. Ikiwa hivyo, simu ni vitu viwili tofauti, na baba akiipokonya yote atakuwa amekata na uzi uliobaki.

Wiki ya pili ndipo mnachagua jambo moja la kuanzia, na wazazi wengi hapa huteleza kwa kuchagua kile wanachokitamani wao. Ungependa arudi mpirani. Mpira una kuvaa, kutoka, kukutana na watu kumi na tano, kujibu "ulikuwa wapi?" na kucheza vibaya kwa sababu mwili umelala miezi. Hizo ni hatua tano ndani ya neno moja. Hata dagaa uliompa ilikuwa kazi ya kwako, kwenye kelele, mbele ya wanawake wanaomjua. Hela haikutosha kuifanya iwe yake. Baiskeli ilikuwa kitu kingine. Ni ya mikono, inafanyika nyumbani, ina mwisho unaoonekana, na mtu mmoja tu alihitaji kushukuru.

Kwa hiyo nianze na baiskeli kama mfano, nawe utabadilisha kulingana na daftari litakavyosema. Mjomba anaiacha kwenu kwa wiki mbili. Hatua ya kwanza haiitwi "kutengeneza baiskeli". Inaitwa: Jumanne, saa kumi na moja jioni, kibarazani, dakika 10, kusafisha cheni kwa kitambaa na mafuta ya taa, mama akiwa karibu anachagua mchele. Siku, saa, mahali, muda, nani yupo. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo, "nikijisikia" anapenyea hapo hapo.

Kisha muulize: "Kati ya 10, una uhakika kiasi gani kwamba Jumanne utafanya?" Akisema chini ya 8, usimshawishi. Punguza. Dakika 10 ziwe 5. Cheni iwe kuigeuza baiskeli tu na kukagua matairi. Hatua ndogo kiasi cha kuchekesha ndiyo inayotakiwa, kwa sababu kazi ya wiki hii si baiskeli. Ni kumpa ushahidi kwamba anaweza kupanga jambo akiwa hajisikii na bado likafanyika.

Kabla hajaanza aandike anatarajia moyo utakuwa ngapi akimaliza, na akimaliza aandike ulivyokuwa kweli. Tuseme ametabiri 2, ikawa 4. Sonona inamwambia mtu kwamba hakuna kitakachofaa hata akijaribu, na inasema kwa sauti ya mtu mwenye hakika. Namba mbili alizoandika kwa mkono wake zinaijibu vizuri kuliko mahubiri yangu na yako. Na kama ametabiri 2 ikawa 2, hajashindwa. Mmejua tu kwamba hatua hiyo haikuwa na chakula cha moyo. Mnachagua nyingine.

Ikienda, wiki hiyo hiyo rudieni Alhamisi na Jumamosi. Ya Jumamosi iwe saa sita mchana, si saa mbili asubuhi, maana leo anaamka saa saba. Saa ya kuamka inavutwa taratibu, nusu saa au saa moja kwa wiki, na kila inapovutwa kuwe na kitu upande wa pili wa shuka: chai ya moto na mandazi, au mjomba anayemsubiri na raba mpya za breki.

Wiki ya tatu panueni kidogo kuelekea watu. Baiskeli imefika mahali anapohitaji spoku au ushauri, basi aende kwa fundi wa kona, aulize jambo moja, arudi. Wiki hiyo pia pangeni simu ya Geita kwa saa maalumu, kwa mfano Jumapili saa kumi, dakika 15. Yule rafiki hakufa, lakini kwa mtoto wa miaka 15 kuhama kwake ni msiba usio na matanga, na huenda hakuna aliyempa pole. Unaweza kumpa wewe.

Mpira unaweza kuja wiki ya nne au ya tano, nao kwa vipande. Siku ya kwanza anapita kiwanjani na baiskeli ya mjomba wakati wenzake wako mazoezini, anasimama dakika 10, anaondoka. Muda wa kuondoka umepangwa mapema, kwa hiyo hakuna atakayesema amekimbia. Siku nyingine anapiga danadana pembeni. Kucheza dakika tisini ni habari ya baadaye, na pengine hatarudi kabisa mpirani, atakuwa mtu wa baiskeli. Hilo nalo liwe sawa kwako.

Sasa yanayoharibu. Linaloharibu zaidi ni ulimi wetu wazazi. Amekaa kibarazani dakika 10, mama kwa furaha anasema, "Unaona! Si nilikuambia? Sasa kaoge ukamsalimie bibi." Sentensi hiyo imemgeuzia ushindi wake kuwa wako, na imempa adhabu ya hatua mbili kwa kufanya moja. Sema kile unachokiona tu: "Cheni imetoka kutu." Kisha kaa kimya. Hata kimya cha mama aliye karibu ni malipo.

La pili ni siku nzuri. Baada ya siku nzuri kila mtu anataka kuruka ngazi, na kijana mwenyewe pia anaweza kusema kesho anarudi mazoezini. Ndivyo ilivyokuwa baada ya pancha kwa namna yake: siku ikaisha vizuri, na kwa kuwa hakuna kilichopangwa kwa kesho, kesho ikamrudisha kitandani. Siku nzuri bakini kwenye mpango ule ule. Siku mbaya pia bakini nao, ila mkate nusu.

Atakosa siku fulani. Usiulize "kwa nini hukufanya?", maana jibu lake ni "sijui", na chini ya "sijui" kuna aibu. Uliza, "Ilikwamia wapi?" Pengine mvua ilinyesha kibarazani. Pengine mdogo wake alimcheka. Pengine alilala alipotoka shule saa tisa na saa kumi na moja ikampita. Kila jibu lina rekebisho lake: shughuli inahamia ndani, mdogo anatumwa dukani, au baiskeli inatangulia kitanda.

Kuna na jambo gumu kuliona kwa nje. Mikono inaweza kuwa kwenye cheni huku kichwa kinasaga yale yale: mimi sifai, wote wameniacha. Akimaliza anasema haikusaidia, na ni kweli. Mfundishe kurudisha masikio na vidole kwenye kazi: mlio wa faluweli ikizunguka, harufu ya gundi, msasa ukikwaruza tyubu kabla ya kubandika kiraka. Kichwa kitatoroka tena. Anakirudisha tena, bila kujigombeza.

Kuhusu kulazimisha na kuhusu bweni, sitakuchagulia, ila nakuomba mwulize kwanza swali ambalo barua yako haikulijibu: je, kuna kitu anachokikimbia ambacho ni hatari kweli? Anayemwonea njiani, mwalimu anayemdhalilisha, deni, mtu mzima anayemsumbua? Pasaka ilipita na nini? Mpango huu unafaa kwa mambo ambayo hofu yake imezidi ukubwa wake. Kama kuna anayemuumiza, kumsogeza hatua kwa hatua kuelekea kwake ni kumkosea, na kinachotakiwa ni wazazi kwenda kulimaliza jambo lenyewe.

Ukimlazimisha, unaweza kumtoa kitandani leo, lakini daftari litasomeka hakuna F wala W, na kesho utahitaji nguvu zaidi. Ukimsubiri, amani ya nyumba inabaki, lakini duara linaendelea kuzunguka. Bweni lina faida ambayo baba ameiona vizuri: ratiba, kengele, watu. Kwa mtoto ambaye tayari ameanza kuinuka, linaweza kumbeba. Kwa aliye chini kabisa, linamweka mbali na macho yanayomjua, mahali ambapo kudonoa chakula hakuonwi na mtu. Muhula ujao bado haujafika. Unaweza kumwomba baba wiki nne kabla ya uamuzi, na wiki hizo asimuite mvivu, naye apewe kazi yake: raba za breki azinunue yeye, amkabidhi kijana, waongee habari za breki tu. Wanaume wengi huweza kusema mapenzi yao kwa njia hiyo kuliko nyingine.

Usipime kwa kicheko. Furaha huchelewa. Dalili za mwanzo ni ndogo: anafoka mara moja badala ya tatu, pazia liko nusu, anamaliza ugali, anaanza jambo moja ambalo halikuandikwa kwenye daftari. Hilo la mwisho ndilo zuri kuliko yote. Kama wiki nne zimepita, hatua zinafanyika na alama bado zimelala kwenye 2 na 3, au hatua hazifanyiki hata zikikatwa nusu, mpeleke kwa mtaalamu pamoja na daftari. Mwezi mmoja wa maandishi utamwonyesha daktari mengi ambayo kijana hataweza kuyasema akiwa amekaa mbele yake.

Kwa leo, mpigie mjomba. Muulize baiskeli ina ubovu gani sasa hivi, na kama hauna haraka, aulete bila kuupeleka kwa fundi.